Jibu: Malipo ya kapu la kila wiki, muamala usiojibu na mteja anayesafiri

*"Habari wakuu. Nipo Moshi, nina wateja 40 ninaowapelekea kapu la mboga kila wiki. Natoza kwa mwezi kwa njia ya simu. Wengine malipo yanagoma, mmoja alikatwa mara mbili, wengine wakisafiri wanataka wafidiwe siku. Mliolimudu hili mnapangaje?"*

Ndugu, shikamoo kama umenizidi umri. Mimi napeleka makapu ya mboga na matunda hapa Arusha, hasa Njiro, Kijenge na Sakina, na kila Alhamisi bodaboda wawili huondoka na mzigo tulionunua Jumatano kwenye mnada wa Tengeru. Hali yangu ilibadilika siku nilipoacha kuuza mwezi nikaanza kuuza kapu, na naomba nikueleze kwa nini, kwa sababu mengine yote yanatokana na hapo.

Kapu langu ni shilingi 25,000. Zamani nilitoza 100,000 kwa mwezi, nikiamini kwamba mwezi ni wiki 4. Mei 2024 ilikuwa na Alhamisi 5, tarehe 2, 9, 16, 23 na 30, nami nikapeleka makapu 5 kwa bei ya 4. Mwaka una wiki 52, yaani 1,300,000 kwa mteja mmoja, ilhali miezi 12 ilinipa 1,200,000. Nilikuwa nagawa makapu 4 kwa kila mteja kila mwaka bila kujua, na wakati huohuo nabishana na aliyesafiri kuhusu siku ngapi za mwezi azirudishiwe. Sasa anayetaka kulipa kwa mkupuo ananunua makapu 4, nayo yanahesabiwa yanapofika mlangoni kwake, yachukue siku 28 au miezi 2.

Kwenye daftari la kompyuta, kila kapu la kila Alhamisi lina mstari wake wenye mteja, tarehe ya kupeleka, bei na hali: INASUBIRI, IMELIPWA, IMEKATALIWA au IMERUKWA. Kanuni moja inazuia mistari miwili ya mteja yuleyule kwa Alhamisi ileile:

```
UNIQUE (mteja_id, tarehe_ya_kupeleka)
```

Usajili unajihuisha kwa namna hii: kila Jumamosi mfumo unafungua mstari wa Alhamisi inayofuata na kumtumia mteja ujumbe wenye tarehe, bei na maelezo kwamba akitaka kuruka ajibu RUKA. Aliyekwisha kulipia makapu yake anapunguziwa moja. Ambaye hajalipia anatumiwa ombi la malipo Jumatatu saa 1 jioni, wakati watu wengi wako nyumbani na simu iko mkononi. Mwisho ni Jumanne saa 6 mchana, kwa sababu jioni hiyo naandika orodha ya kununua Tengeru. Usisahau kwamba kwa malipo ya simu huwezi kumkata mteja akiwa amelala. Lazima aandike namba yake ya siri, na kile kidirisha hakikai muda mrefu kwenye simu. Kwa hiyo saa unayotuma ombi ina uzito kuliko unavyodhani.

Sasa tuje kwenye kukatwa mara mbili, ambako mimi nilimuumiza mteja. Mama mmoja wa Njiro alitumiwa ombi, akaweka namba ya siri, lakini jibu halikufika kwetu. Mfumo wangu wakati huo ulikuwa ukisubiri dakika 2, na ukimya ukausoma kuwa ni kushindwa, kisha ukatuma ombi jipya lenye namba mpya ya kumbukumbu. Yule mama aliona kidirisha kingine, akadhani cha kwanza kilikataa, akaweka namba ya siri tena. Jibu la muamala wa kwanza lilikuja baada ya dakika 11, likisema umefanikiwa. Alikuwa ametoa 50,000 kwa kapu moja, naye akanipigia akisema kwa upole, "Mwanangu, mbona umenichukulia mara mbili?" Nilirudisha fedha usiku uleule, gharama ya kutuma ikiwa juu yangu.

Tangu hapo ukimya kwetu hauitwi kushindwa. Mstari unabaki INASUBIRI, na kabla ya kutuma ombi lolote jipya mfumo unaiuliza kampuni inayotuunganisha na mitandao ya simu hali ya muamala kwa namba ileile ya kumbukumbu. Ikijibu kuwa umekataliwa, ndipo tunajaribu tena. Ikijibu kuwa bado, tunasubiri. Namba ya kumbukumbu tunaitengeneza kutokana na mteja, tarehe ya kapu na awamu ya jaribio, ili jibu likichelewa hata siku nzima lijue mstari wa kuangukia. Fedha ikiingia mara ya pili kwenye mstari uliokwisha lipwa, inakuwa salio la mteja, na anapewa taarifa papo hapo achague kurudishiwa au kuhesabiwa kapu linalofuata.

Kukataliwa kwenyewe kuna sababu tofauti, na dawa zake hazifanani. Salio lisipotosha, ombi la pili linakwenda Jumanne saa 2 asubuhi, si baada ya dakika 5, maana fedha haijaongezeka. Mteja akiwa amekataa mwenyewe, hatumtumii tena, tunampigia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa wateja kadhaa namba inayopokea kapu ni ya mke, lakini anayelipa ni mume, na ombi lilikuwa likienda kwenye simu isiyo na fedha. Leo tunaandika namba mbili, ya kupokea na ya kulipa.

Ikifika Jumanne saa 6 mchana mstari haujalipwa, kapu hilo halinunuliwi, na hatuweki deni. Niliwahi kukopesha kwa huruma, na nakushauri kwa dhati usifanye hivyo, kwa kuwa mchicha wa wiki iliyopita ukishaliwa ni mgumu sana kuudai. Zikipita wiki 2 mfululizo bila malipo, usajili unasimama wenyewe mpaka tuzungumze na mteja.

Kusitisha kwa muda kunahitaji tarehe ya kurudi. Mteja hachagui "nisimamishieni", anachagua Alhamisi zipi zirukwe, zisizozidi 8, kwa sababu niliowaacha wasimame bila tarehe wengi hawakurudi. Kwetu hili linakuja kwa wingi Desemba, familia zinapokwenda Rombo, Marangu na Machame kwa Krismasi. Wewe uliye Moshi huenda unaliona kinyume, nyumba zikijaa na kapu moja halitoshi.

Chukua mfano wa Desemba 2024. Mteja alilipa Jumatatu tarehe 16, kisha Jumanne jioni akasema anaondoka kesho mpaka tarehe 6 Januari. Orodha ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kapu la tarehe 19 lilibaki kuwa lake, tukalipeleka kwa jirani aliyemtaja. Tarehe 26 na 2 Januari zikawekwa IMERUKWA, bila ombi la malipo wala fidia ya kukokotoa, kwa kuwa kisichonunuliwa hakikutozwa. Jumamosi tarehe 4 alipata ujumbe wa kumkumbusha, Jumatatu tarehe 6 saa 1 jioni akalipa akiwa bado kwenye basi, na Alhamisi tarehe 9 kapu lilikuwa mlangoni.