"Maiti yupo?"

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Ujiji mwaka jana. Rafiki wa mume wangu, ambaye huvua naye dagaa, hupiga hodi kwetu akiuliza, 'Maiti yupo?' Naye mume wangu humjibu, 'Pita, mwizi.' Nilipomkemea mgeni huyo, mume wangu alinikasirikia mimi. Kosa langu ni lipi?"

Marahaba, mwanangu. Hukukosa adabu, ulisikia neno bila kisa chake. Majina ya namna hii aghalabu hutokana na tukio ambalo wenyewe walilishuhudia, na ningekuwa wewe ningemuuliza mume wangu, wakati ametulia, ni usiku gani ziwani alipopewa jina la maiti.

Marehemu mume wangu, hapa Tabora, aliitwa "Njaa" na rafiki aliyesoma naye bweni moja, kwa sababu siku moja alikula ugali wa wenzake wawili waliochelewa. Yeye alimwita mwenzake "Kipofu", nami niliyazoea majina hayo. Kijana mgeni kazini kwao alipoyasikia akadhani ni ruhusa ya wote, akamwita mume wangu "Njaa" mbele ya watu. Alirudi nyumbani amenuna na hakula. Neno lilikuwa lile lile, ila kijana hakuwahi kula naye bwenini, wala yeye hakuwa na jina la kumrudishia.

Hapo ndipo pa kupimia. Utani wa makabila mtu huzaliwa nao, lakini huu wa marafiki huwa wa wawili tu, na kila mmoja hutupa na kutupiwa. Ukiona mmoja ndiye anayetaja siku zote na mwingine anacheka kwa kuinamisha kichwa, hayo ni matusi hata kama wanaitana ndugu. Kwako, mumeo hujibu papo hapo, tena kwa neno kali zaidi.

Lipo jambo lingine lililonifundisha. Mume wangu na Kipofu waligombana kwa ajili ya deni, na kwa majuma matatu walikuwa wakiitana kwa majina kamili, tena wakitanguliza "bwana". Niliposikia "Njaa!" mlangoni, nilijua deni limekwisha, nikaenda kuongeza maji ya chai.

Hata hivyo, "mwizi" lina hatari yake. Nyumbani ni mzaha, lakini likipigiwa kelele mwaloni Kibirizi asubuhi, penye wanunuzi wasiowajua, rafiki huyo anaweza kupigwa kabla mumeo hajajieleza. Mwombe mumeo neno hilo liishie uani, na mbele ya wakwe pia walinyamazie.

Mgeni akija tena, mkaribishe na umtake radhi kwa ukali wa siku ile. Wewe mwite shemeji. Hayo majina mawili waachie wenyewe.