Alama ya jumla au ya vipengele kwa insha za taifa?

Swali: “Insha za mtihani wa taifa hapa Uganda ni nyingi mno, tutoe alama moja ya jumla au tugawe kwa vipengele?”

Ndugu, kwa insha ningechagua alama ya jumla, mradi kila insha isomwe na wasahihishaji wawili wasioonana alama, na wa tatu aitwe wanapopishana kupita kiwango kilichokubaliwa. Aliyenitangulia kujibu amesema kweli kwamba vipengele humwonyesha mwalimu udhaifu ulipo, lakini faida hiyo ipo tu iwapo msahihishaji anapima kila kipengele peke yake. Akichoka, picha ya kwanza humtawala: insha yenye hoja nzuri na tahajia mbovu, iliyostahili 8 kwa maudhui na 3 kwa lugha, hupewa 6 na 6. Kiongozi wa timu hulitambua hilo akiona alama za vipengele zikipanda na kushuka pamoja katika pakiti nzima. Hapo muda wa ziada wa kupima vipengele umepotea bure. Pasipo fedha za msomaji wa pili uamuzi ni mgumu, kwani alama ya jumla ya mtu mmoja humwacha mtahiniwa chini ya ukali wa mtu huyo, nalo linanisumbua sana.