Siku Mbili za Kutokwenda Kazini

Msomaji mmoja wa miaka 46, fundi wa mitambo hapa Nairobi, ameniandikia akiuliza kama ni mapema mno kuanza kufikiria kustaafu. Nilistaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka 60, baada ya kutunza boila za kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda kwa miaka 31. Ndugu yangu, si mapema, na mradi usirudie kosa langu, muda ulio nao unatosha.

Nilipofika 45 niliamua kumaliza karo na mkopo wa nyumba kabla ya 55, kisha nikifika 57 niombe kufanya kazi siku tatu kwa wiki. Hayo yalitimia. Kosa lilikuwa katika barua niliyotia saini bila kuuliza michango ya pensheni ingekokotolewa kwa mshahara upi. Mshahara wangu ulishuka kutoka shilingi 180,000 hadi 108,000. Kwa kuwa mimi na mwajiri tulichanga asilimia 10 kila mmoja, mchango wa mwezi ulishuka kutoka 36,000 hadi 21,600. Kwa miezi 36 nilikosa shilingi 518,400, kabla ya faida ya uwekezaji, na hakuna mtu wa ofisini aliyenitahadharisha. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Omba iandikwe kwamba michango itafuata mshahara wa awali. Wakikataa, ongeza mchango wa hiari, ukikumbuka kwamba tangu mwisho wa 2024 michango ya mfanyakazi hupata nafuu ya kodi hadi shilingi 30,000 kwa mwezi. Na ikiwa pensheni yako hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho, usikubali kupunguziwa mshahara kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa wadhamini wa mfuko.

Kuhusu kurithisha ujuzi, ninajivunia nilichofanya. Vijana wawili walikuwa wamenifuata kwa miaka mingi, lakini nilipokuwepo waliniangalia mimi badala ya kuangalia boila. Zile siku mbili za kutokuwepo ndizo zilizonionyesha nisichowafundisha. Kila waliponipigia simu niliandika swali lao daftarini, na niliporudi tulilitatua mbele ya mtambo, wao wakishika vali, mimi mikono nikiwa nimeifunga nyuma. Mwezi wa kwanza walinipigia mara 14. Mara nyingi waliuliza kwa nini moshi unatoka ukiwa na joto zaidi ilhali shinikizo la mvuke halijabadilika, jambo ambalo mimi nililijua kwa mazoea na sikuwahi kulieleza: masizi au magamba yameshika kwenye mabomba, kwa hiyo joto haliingii majini, linapotelea dohani.

Mwezi wangu wa mwisho walinipigia mara moja tu. Joto la dohani lilikuwa limepanda kutoka nyuzi 210 hadi 245, walikuwa wamekuta kilainisha maji, kile kinachozuia magamba, kimeishiwa chumvi, wakaijaza, na walitaka tu kunijulisha kwamba boila itafunguliwa Jumamosi isafishwe.