Maneno ya tangazo la uzinduzi wa riwaya

"Dada yangu anazindua riwaya yake Morogoro mwezi ujao. Niandike nini chini ya picha Instagramu ili watu waagize mapema na waje kusainiwa?"

Anza na siku na mahali, kwa sababu Instagramu huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, mengine hufichwa mpaka mtu abonyeze. Shukrani kwa wafadhili ziweke mwisho kabisa.

Sababu ya kuja iwe kitu ambacho mtu hawezi kukipata dukani. "Njooni kwa wingi" haimtoi mtu nyumbani Jumamosi. Mfano:

"Jumamosi tarehe 14, saa 9 alasiri, ukumbi wa maktaba, Morogoro mjini. Mwandishi atasoma sura ya kwanza, kisha atasaini nakala yako na kuandika jina la unayemzawadia. Agiza kabla ya tarehe 9 kwa 15,000/=; mlangoni ni 20,000/=. Lipia kwa Lipa Namba (namba), kisha tuma ujumbe wa jina lako, idadi ya nakala, na kama utachukua ukumbini au utumiwe."

Huo ujumbe wa baada ya malipo usiuache. Mara nyingi anayelipa ni mume au rafiki, jina kwenye muamala si la mnunuzi, na mezani mnaanza kubishana nani kalipa. Andika "alasiri" pia. Saa 9 peke yake wengine wataisoma kama 9:00 ya Kizungu, yaani saa 3 asubuhi. Kama una kiungo, ukikibandika kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki, kiweke kwenye wasifu wa akaunti.