Maneno 742 katika nafasi ya 500

"Baba, shikamoo. Maelezo yangu binafsi ya kuombea ufadhili yamefika maneno 742 na fomu haipokei zaidi ya 500. Nikiyakata naona si mimi tena ninayesema. Nikate nini, niache nini?"

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Mombasa hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, kalamu mkononi, na naona yanaingia kwenye 500 bila kukupoteza. Ila usianze na kufuta neno hapa na neno pale. Ukiipunguza kila sentensi neno moja moja, utabaki na mambo yaleyale yote, kila moja limekonda. Anza na vipande vizima.

Chukua maswali ya fomu uyaweke mezani: kwa nini fani hii, umefanya nini tayari, utafanya nini ukirudi. Pembeni mwa kila aya andika inajibu swali lipi. Nimefanya hivyo kwenye nakala yako na aya tatu hazikupata swali. Ya kwanza ni ile ya kufungulia, ya ndoto zako tangu utotoni, maneno 68. Ya pili ni ya vyeti na tuzo, maneno 94, na hayo yote umeshayajaza kwenye sehemu ya elimu ya fomu hiyohiyo, kwa hiyo msomaji atayaona mara mbili. Ya tatu inakisifu chuo unachoomba kwenda, maneno 41. Wao wanakijua chuo chao. Zitoe zote tatu. Yanatoka maneno 203, unabaki na 539, na hakuna hata sentensi moja yenye sauti yako iliyoguswa.

Sasa ile aya inayoeleza kwa nini visima vya kisiwani vina chumvi. Ni maneno 57, na nusu yake yamesomeka kama kitabu cha darasani. Kwenye jopo atakuwepo anayejua habari hizi kuliko wewe, na atakuwepo asiyezijua kabisa, basi wapatie wote wawili kinachotosha kuendelea kusoma: "Kisiwa kimezungukwa na bahari. Maji ya visima yakivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi husogea kujaza nafasi yake chini ya ardhi." Hayo ni maneno 20. Umefika 502.

Baada ya hapo ndipo uingie ndani ya sentensi, na hapa lugha yetu inakusaidia, maana kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtu, wakati na hali, na fomu inakihesabu kuwa neno moja. Uliandika: "Katika kipindi ambacho nilikuwa nafanya mafunzo ya vitendo katika maabara ya maji, niliweza kupata fursa ya kujifunza namna ambavyo chumvi inavyopimwa katika maji ya visima." Maneno 25. Sema: "Nilipokuwa mafunzoni katika maabara ya maji, nilijifunza kupima chumvi ya visima." Maneno 11. "Katika kipindi ambacho nilikuwa" yote imo ndani ya "nilipokuwa", na "niliweza kupata fursa ya kujifunza" ni kujifunza tu. Kila ukiona amba-, jaribu kuitia ndani ya kitenzi: "kisima ambacho kilichimbwa" kiwe "kisima kilichochimbwa". Kila ukiona "niliweza", uliza kama kitenzi kinachofuata hakijitoshelezi.

Lakini usizidishe. Kuna ufupi mwingine unaokuja kwa kurundika majina, kama "utekelezaji wa upimaji wa ubora wa maji". Maneno ni machache, ila ni ya ofisini, na mtu aliyepima hayumo. "Nilipima maji" ni mafupi zaidi na mwenyewe yumo. Wala usifyeke "lakini", "kwa hivyo" na "ndipo" zote ili kuokoa nafasi. Nimeona kwenye jaribio lako la pili umefanya hivyo aya ya nne yote, na imekuwa kama simu ya upepo ya zamani: jambo, nukta, jambo, nukta. Anayesoma haoni tena kipi kilisababisha kipi, na namna unavyounganisha mambo ndiyo fikra zako zenyewe.

Nije kwenye sentensi iliyonifanya nikuandikie barua ndefu badala ya kukupigia simu. Kwenye nakala ya kwanza ulisema: "Nyanya hupikia chai maji ya mkokoteni na kuoshea vyombo maji ya kisima, kwa hivyo niliijua chumvi kwa ulimi kabla sijaijua kwenye maabara." Kwenye ya pili, baada ya rafiki yako kuisahihisha, imekuwa: "Changamoto ya upatikanaji wa maji safi imekuwa tatizo sugu katika jamii yetu." Umeokoa maneno 10, kutoka 22 hadi 12. Tafadhali irudishe ile ya mwanzo nzima. Hii ya pili anaweza kuiandika mwombaji yeyote kutoka Turkana au Kisumu, na jopo litakuwa limeshaisoma asubuhi hiyo kwa wengine kadhaa. Ile ya mwanzo inajibu swali la "kwa nini fani hii" kwa pumzi moja, na inamwonyesha msomaji nyumba ya Mji wa Kale yenye mitungi ya lita 20 mlangoni bila wewe kuieleza. Mimi nimeihesabu na maneno yake yote 22, na bado hesabu yetu inafika.

Kwa maana ukitoka 502 na kuondoa yale 14 ya maabara, umebaki na 488. Una nafasi ya maneno 12, na usiyatumie kupamba. Kuna jambo uliloniambia kwa simu na hukuliandika lote: la yule mzee wa Kibokoni aliyekukatalia kupima kisima chake, kisha akakuita mwenyewe. Umeandika alivyokataa, umeandika namba ulizopata, halafu umeacha hapo. Ongeza: "Mwenye kisima huyo sasa hapikii maji yake." Maneno 7, jumla 495, na kipimo chako kimepata matokeo yanayoonekana jikoni kwa mtu.

Yale matano yaliyobaki yaache wazi. Programu ya kuandikia na kisanduku cha fomu huenda visihesabu sawa. Maneno yenye kistari au mkwaju, kama "2023/2024", hapa huhesabiwa moja na pale mawili. Ukimaliza, nakili ubandike kwenye kisanduku chenyewe, utazame hesabu ya hapo, na uhakikishe sentensi ya mwisho haikukatwa.

Kabla ya kutuma, msomee dada yako kwa sauti. Usimwulize kama ni nzuri. Mwambie akusimamishe pale anaposikia mtu mwingine anaongea. Yeye amelala chumba kimoja na wewe miaka yote, atasikia haraka kuliko mimi. Palipomsimamisha, fungua nakala ya kwanza utazame ulivyosema kabla hujaanza kukata. Mara nyingi mpangilio wa maneno wa kwanza ndio wa kurudisha.

Na vile vipande vilivyotoka usivifute. Viweke kwenye faili ya pili. Ukiitwa kwenye mahojiano watakuuliza hasa yale ambayo fomu haikuwa na nafasi nayo, pamoja na hayo ya chumvi na ya chuo.

Nitumie nakala mpya kabla ya Ijumaa, niisome baada ya swala.

Baba yako