Kutenganisha sehemu ya bima, mchango wa mgonjwa na salio kwenye picha ya ankara ya hospitali

Ninyi mnaoanza kazi ya kuingiza ankara za hospitali kwenye mfumo wa madai ya bima mtazoea upesi kusoma tarakimu zenyewe, hata kwenye picha iliyopigwa kwa simu juu ya kaunta. Kinachochukua muda zaidi ni kutambua kila tarakimu inamhusu nani. Chini ya mstari wa jumla huwa kuna kiasi kinachohusu bima, mchango ambao mgonjwa amepangiwa kutoa, na salio analodaiwa. Hizi ni namba tatu tofauti, na mara nyingi lebo zilizochapishwa hazitoshi kuzitofautisha. Nazungumzia hapa ankara za wagonjwa wa nje katika hospitali binafsi za Kenya, ambako mwenye bima hutoa kadi mapokezi na mara nyingi hulipa mchango wake kabla ya kumwona daktari.

Mchango wa mgonjwa umewekwa na masharti ya bima kabla mgonjwa hajaugua. Unaweza kuwa kiasi kilekile kila anapotibiwa, tuseme shilingi 1,000, au asilimia fulani ya gharama, na ukishalipwa haugeuki kuwa sifuri, kwa sababu unaeleza fungu la mgonjwa, haujali kama ameshalitoa au bado. Salio ni kitu kingine kabisa: ni hali ya akaunti wakati ankara inachapishwa. Ankara ileile ikichapishwa saa nane na kuchapishwa tena saa tisa baada ya mgonjwa kupita kwa keshia, mchango utakuwa uleule lakini salio litakuwa limeshuka. Mkiliweka hili akilini, hamtaandika salio mahali pa mchango kwa sababu tu zote mbili ni fedha za mgonjwa.

Tuchukue ankara moja ya mfano. Kumwona daktari ni shilingi 2,500, kipimo cha damu 1,200, kipimo cha malaria 800, dawa 3,450, na vitamini 950 ambazo bima haizilipii. Chini yake kumechapishwa hivi:

```
Invoice Total     8,900.00
Covered Amount    7,950.00
Copay 10%           795.00
Amount Paid         795.00
Balance             950.00
```

Anayesoma kwa haraka atajumlisha `Covered Amount` na `Balance`, apate 8,900 kamili, aridhike kwamba hesabu imefunga, kisha aandike kwamba bima inadaiwa 7,950. Hapo ndipo kosa lilipojificha, na ni baya kwa sababu linaonekana kama uthibitisho. Hesabu imefunga kwa kuwa mchango wa 795 umeshalipwa na kwa hiyo haumo tena kwenye salio, huku ukiwa bado umo ndani ya 7,950. Madai yakipelekwa hivyo, bima itakuwa inaombwa shilingi 795 ambazo hospitali imekwisha kuzipokea kutoka kwa mgonjwa.

Njia ya kugundua ni kupuuza salio kwanza na kujumlisha mafungu, yaani kiasi cha bima, mchango, na vitu visivyolipiwa na bima ambavyo mnavipata kwenye mistari ya huduma. Hapa tunapata 7,950 na 795 na 950, jumla 9,695. Imezidi jumla ya ankara kwa 795, ambayo ni sawasawa na mchango. Ziada inapolingana na mchango, `Covered Amount` ya hospitali hiyo ina maana ya gharama zinazokubalika chini ya bima kabla mchango haujaondolewa humo, na fungu halisi la bima ni 7,155. Kama ingekuwa imechapishwa 7,155 tangu mwanzo, mafungu matatu yangefika 8,900 bila ziada, nasi tungejua kwamba mchango umeshaondolewa kwenye kiasi hicho. Mchango unapokuwa wa asilimia kuna kipimo cha pili: asilimia 10 ya 8,900 ni 890, ilhali asilimia 10 ya 7,950 ni 795, kwa hiyo msingi wa mchango ni gharama zilizokubaliwa, na gharama hizo bado zimeubeba mchango wenyewe. Mchango ukiwa wa kiasi kisichobadilika, kipimo hiki hakipo na mnategemea ziada peke yake.

Baada ya hapo ndipo salio linapopimwa, kwa mlinganyo wake:

```
jumla = bima + mchango + visivyolipiwa
salio = mchango + visivyolipiwa - kilicholipwa
```

Kwa mfano wetu, 795 na 950 ni 1,745, na tukitoa 795 iliyolipwa tunabaki na 950, sawa na kilichochapishwa. Kukiwa na punguzo, litolewe kwenye jumla kwanza, kwa maana si la bima wala si la mgonjwa. Gharama zikipita ukomo wa bima, kiasi kilichozidi kinawekwa pamoja na visivyolipiwa.

Salio lililochapishwa likikataa kulingana na mlinganyo wa pili, angalieni kwanza kama ni salio la mgonjwa kweli. Stakabadhi ya kadi ya bima huweza kubandikwa juu ya ankara na kupigwa picha pamoja nayo, nayo ina `Balance` yake inayoonyesha kiasi kilichobaki kwenye ukomo wa mwaka. Mgonjwa aliyekuwa na 50,000 na bima ikatumia 7,155 ataonyeshwa 42,845, na namba hiyo si deni hata kidogo. Dalili yake ni kwamba inazidi jumla ya ankara. Lakini deni la ziara zilizopita lililoletwa mbele pia linaweza kuzidi jumla, hivyo tazameni kama kuna mstari wa `Balance B/F` kabla ya kuamua.

Picha yenyewe ina mitego michache. Ankara yenye safu mbili, moja ya `Scheme` na nyingine ya `Patient`, ikipigwa kwa mshazari hufanya tarakimu za mstari mmoja zionekane kuwa za mstari wa chini, hivyo jumlisheni kila safu kutoka juu hadi chini mlinganishe na jumla yake. Tarakimu iliyofungwa kwa mabano, kama `(795.00)`, kwa kawaida ni ya kutoa. Kistari kilichochapishwa mahali pa namba kwa kawaida ni sifuri, lakini nafasi tupu haisemi chochote, na mkiandika sifuri hapo mnakuwa mmedai kwamba mgonjwa hana mchango wakati ankara haikusema hivyo.

Nawasihi sana mtenge mahali pa namba iliyochapishwa na mahali pa namba mliyoikokotoa. Kwenye mfano huu, 7,950 inabaki kama ilivyosomwa na 7,155 inaandikwa kando kama fungu la bima lililokokotolewa, ili anayekagua aone mlivyofika hapo bila kuitafuta picha upya. Msifute iliyochapishwa ili hesabu ipendeze. Na pale mistari ya huduma inapokuwa imekatwa na ukingo wa picha, hamna namna ya kujua visivyolipiwa ni kiasi gani, na kipimo cha ziada hakifanyi kazi. Mchango ukiwa wa asilimia, bado unaweza kuonyesha msingi wake. Ukiwa wa kiasi kisichobadilika, andikeni kilichosomeka, acheni fungu la bima likiwa tupu, na ombeni picha nyingine ya ukurasa mzima.