Vesi inaishia wapi, na prikorasi inaanzia wapi?

*Shikamoo mwalimu. Natunga nyimbo kwa gitaa hapa Morogoro, na majuzi nilipeleka wimbo mmoja studio. Prodyuza akasema vesi yangu inaiangukia korasi ghafla, nitie prikorasi, tena wimbo hauna briji. Nimekaa nikasikiliza nyimbo nyingi. Korasi naikamata, lakini prikorasi naiona ni mwisho wa vesi tu, na briji naichanganya na pale ala zinaponyamaza. Nitazitofautishaje kwa masikio?*

Marahaba. Tuchukue wimbo mmoja tuupasue. Nimechagua Rolling in the Deep wa Adele, uliotoka mwishoni mwa mwaka 2010, kwa sababu umeusikia kwenye daladala na harusini hata kama hukuutafuta, na sehemu zote nne zimo bila kufichwa. Uweke kwenye simu, chukua karatasi, na shika gitaa.

Kwanza, usifuate maneno. Wengi hukosea hapo: wanasoma mashairi ya wimbo mtandaoni, wanaona mistari imepangwa kwa mafungu, wanadhani kila fungu ni sehemu. Wewe gonga mguu uhesabu moja, mbili, tatu, nne. Kila nne ikitimia, piga kijistari kimoja kwenye karatasi. Hicho kijistari ndicho wanamuziki wanachokiita baa. Wimbo huu unakwenda mapigo kama 105 kwa dakika, kwa hiyo baa moja inachukua sekunde mbili na kidogo, na mkono hautachoka. Kila unaposikia kitu kimebadilika, chochote kile, funga fungu la vijistari na uanze jipya.

Ukianza kuhesabu pale Adele anapofungua mdomo, utapata baa nane akiwa na gitaa lililozibwa kwa kiganja, halafu baa nane nyingine zenye tuni ileile ila kiki imeingia inapiga kama mguu sakafuni. Hapa masikio yatakwambia sehemu imebadilika. Haijabadilika. Tuni ni ileile na kodi ni zilezile (kodi za gitaa, si za nyumba), kilichoongezeka ni ala tu. Zote kumi na sita ni vesi ya kwanza. Kumbuka jambo hili, maana litatusaidia tukifika kwenye briji: ala kuingia au kutoka hakuundi sehemu mpya.

Baada ya hizo kumi na sita, piano inaingia na Adele anaanza kuimba habari za makovu ya mapenzi. Hesabu tena, utapata baa nane. Kisha, dakika moja ikiwa karibu kutimia, korasi inalipuka. Hizo baa nane za makovu ndizo unazoziita mwisho wa vesi, na sikulaumu, maana zinafuatana na vesi bila pumzi. Zipime kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kusubiri vesi ya pili. Vesi ya pili ina maneno mapya, lakini ikiisha, yale makovu yanarudi karibu vilevile. Vesi husimulia, kwa hiyo maneno yake hubadilika, na hizi baa nane hazibadiliki. Tena tazama karatasi yako: vesi ya pili ina baa nane tu, nusu ya ya kwanza. Msikilizaji ameshajua wimbo unakokwenda, hakuna haja ya kumchelewesha. Lakini zile baa nane za makovu hazikupunguzwa hata moja. Kama zingekuwa mkia wa vesi, zingekatwa pamoja nayo. Zimebaki nzima kwa sababu zina kazi yao.

Njia ya pili inaonyesha kazi hiyo, na hapa ndipo gitaa linapohitajika. Wimbo uko kwenye C maina. Weka kapo freti ya tatu, ili upige kwa maumbo mepesi ya Am. Vesi inazunguka hivi: Am, Em, G, kisha Em na G tena, halafu inarudi Am. Am ndiyo nyumbani, na vesi haikai mbali na nyumbani, kama mtu anayesimulia akiwa barazani kwake. Sasa piga zile baa nane, kodi moja kila baa:

```
F   G   Em   F
F   G   Em   E
```

Am haimo. Baa nane nzima wimbo umetoka nyumbani na haujarudi, na bila shaka ulilisikia hilo siku zote bila kulijua jina. Halafu tazama kodi ya mwisho. Mara ya kwanza Em inafuatwa na F, mambo yanaendelea. Mara ya pili Em inageuka E. Tofauti ya Em na E ni kidole kimoja kwenye uzi wa tatu, noti moja iliyopandishwa nusu hatua, lakini noti hiyo haikusikika popote kwenye vesi, na inaivuta Am kwa nguvu. Piga hadi hapo kwenye E, kisha nyamaza. Utaona mwili wenyewe unadai kitu kifuate. Rudia tena, safari hii umalizie kwa Em badala ya E, uingie korasi. Itaingia, lakini itaingia kama mgeni asiyebisha hodi.

Kwa hiyo prikorasi, ambayo wanafunzi wangu nawaambia waiite kipandio, si kipande cha maneno kilichowekwa mbele ya korasi. Ni mahali ambapo wimbo unatoka nyumbani makusudi ili kurudi kuwe na uzito. Ndiyo maana korasi hapa inaanza na Am ileile uliyoisikia kwenye vesi, na bado inasikika kubwa kuliko vesi. Sauti imepanda juu, ngoma zimejaa, waitikiaji wanamjibu, yote kweli. Lakini nusu ya kishindo kile imelipiwa na zile baa nane kabla yake.

Korasi sina la kuongeza sana, umesema unaikamata. Angalia tu kwamba ya kwanza ina baa nane, na ya pili imerudiwa mara mbili, yaani kumi na sita. Vesi inapungua, korasi inaongezeka. Mtunzi anayejua kazi yake haandiki mafungu yenye urefu mmoja kisha akayapanga kama matofali.

Sasa briji. Nenda dakika 2 na sekunde 30 hivi. Baada ya korasi ya pili, linakuja fungu la baa nane ambalo hujalisikia, na ukiusikiliza wimbo hadi mwisho hulisikii tena. Tuni si ya vesi, si ya kipandio, si ya korasi. Na maneno yamegeuka: kwenye korasi alikuwa akilia kilichopotea, hapa anamwambia yule mwanamume kwamba atavuna alichopanda. Hiyo ndiyo briji. Alama yake kubwa ni kuja mara moja tu, na baada yake wimbo kurudi kwenye kitu unachokijua.

Zikiisha baa hizo nane, ala zinaanguka, zinabaki makofi, mguu na sauti. Hapo ndipo unapochanganyikiwa. Lakini sikiliza anaimba nini: ni maneno ya korasi. Kwa hiyo ni korasi iliyovuliwa nguo kwa baa nane, kisha inavikwa tena kwa mara ya mwisho. Kumbuka tulivyosema kwenye vesi ya kwanza, ala kutoka hakuundi sehemu. Ukiwa na shaka, zima wimbo uimbe fungu hilo kwa mdomo mtupu, bila maneno, la la la. Kama tuni ni ya korasi, ni korasi, hata kama imebaki na kofi moja.

Sasa usiende kulazimisha majina haya kwenye kila wimbo. Malaika, tunaoujua sote, hauna korasi ya pembeni kabisa. Beti zake zinaanza na maneno tofauti, mara malaika, mara pesa, mara kidege, halafu kila ubeti unarudi kwenye kulalamikia mali na kutamani kuoa. Kiitikio kimo ndani ya ubeti wenyewe. Ukiutafutia prikorasi utapoteza usiku. Na muziki wetu wa dansi nao una chemko, kama Wakongo walivyo na sebene: wimbo ukifika pale gitaa zinashika usukani na watu wanainuka kucheza. Nimewasikia vijana wakiiita briji. Briji ni daraja, unavuka ili ufike ng'ambo ambako korasi inakungoja. Chemko kwa kawaida likianza ndiyo safari ya mwisho, halirudi kwenye vesi.

Turudi kwa wimbo wako. Sijausikia, lakini prodyuza akisema vesi inaiangukia korasi ghafla, ningeanza kwa kuangalia kodi kabla ya kuandika neno lolote. Kama vesi na korasi zote zinazunguka kodi nne zilezile kuanzia nyumbani, na hilo ni la kawaida sana kwa anayetunga na gitaa, huko ndiko kuna kasoro. Chukua baa nne za mwisho za vesi, usiongeze mpya, uzibadilishe kodi tu: ondoa kabisa kodi ya nyumbani, na malizia kwa ile inayoivuta. Ukiwa Am, malizia na E. Ukiwa G, malizia na D au D7. Rekodi kwa simu, lala, sikiliza asubuhi. Baa nne zikitosha, usizifikishe nane kwa sababu tu Adele ana nane.

Kuhusu briji, mimi na prodyuza wako huenda tusikubaliane. Ukishaimba korasi ya pili, jiulize kama kuna neno ambalo yule anayeimba hajalisema bado: hasira baada ya majonzi, au kukubali baada ya kubembeleza. Kama lipo, lipe baa nane na tuni yake, na uanzishe kwa kodi ambayo korasi yako haianzi nayo. Kama halipo, kata pale, rudi korasi, maliza. Na kama ulikuwa umepanga kumwita mwenzako arepu baa nane baada ya korasi ya pili, briji unayo tayari. Mwambie tu prodyuza mahali inapokaa.